Mzunguko wa vidole kwenye gitaa: kila kidole na uzi wake

"Wakuu, nimeshika C, Am, F na G. Kwa kucharaza niko sawa, lakini nikitumia vidole sijui kipi kiguse uzi gani, na kila nikibadilisha kodi mdundo unakufa. Nifanyeje? Niko Umoja, gitaa ni la nyuzi za chuma."

Kaka, gawa kazi kwanza na usiibadilishe tena. Uzi mwembamba ulio karibu na sakafu ni wa 1, ule mnene wa juu ni wa 6. Kwenye mkono wa kulia, kidole cha shahada kimiliki uzi wa 3, cha kati uzi wa 2, cha pete uzi wa 1. Hivyo vitatu havihami hata kodi ikibadilika. Kidole cha mwisho hakina kazi. Kinachotembea ni kidole gumba peke yake, nacho kinafuata besi ya kodi: C na Am uzi wa 5, F uzi wa 4, G uzi wa 6.

Sasa mzunguko wenyewe. Kwa wimbo wa mapigo manne nakushauri huu wa miguso minane, unaohesabiwa "moja na mbili na tatu na nne na". Kwenye C nyuzi zinafuatana hivi: 5, 3, 2, 3, 1, 3, 2, 3. Maana yake gumba, shahada, kati, shahada, pete, shahada, kati, shahada. Gumba linaangukia "moja", cha pete kinaangukia "tatu", na shahada ndiyo inayojaza kila "na". Ukishika F, namba ya kwanza inakuwa 4. Ukishika G inakuwa 6. Saba zilizobaki ni zilezile.

Wengi huanza na ule wa miguso sita: gumba, shahada, kati, pete, kati, shahada. Ni mzuri, lakini ni wa nyimbo zinazohesabiwa sita, zile zinazoyumba polepole kama nyimbo nyingi za kuabudu. Ukiupachika kwenye wimbo wa mapigo manne, gumba litarudi mapema, kwenye "nne" badala ya "moja" inayofuata, na utadhani huna mdundo kumbe umechukua mzunguko usio wake.

Kabla ya kugusa chochote, laza vidole vyote vinne kwenye nyuzi zake na uviache hapo kidogo. Kigasha cha kulia kiegemee ukingo wa gitaa, kifundo kisiguse daraja. Gumba litangulie upande wa shingo, shahada ibaki nyuma yake, ili vikikutana vipishane badala ya kugongana. Gumba linasukuma uzi kuelekea sakafu. Vidole vinavuta kuelekea kiganjani. Ukisikia uzi unagonga freti kwa kishindo, ujue unauvuta nje, mbali na gitaa. Punguza kina: ncha ya kidole tu ndiyo ishike uzi.

Tuje kwenye mdundo unaokufa. Ukicharaza, unahitaji kodi nzima kwa wakati mmoja. Ukipiga kwa mzunguko, unahitaji noti moja tu kila mguso, kwa hiyo mkono wa kushoto nao unaweza kupanga vidole kwa foleni: kwanza kinachoshika besi, kisha cha uzi wa 3, kisha cha uzi wa 2, mwisho cha uzi wa 1. Anayesubiri vidole vyote vitue pamoja ndiye anayechelewa.

Chukua C kwenda Am. Shahada ya kushoto iko uzi wa 2 freti ya 1, cha kati uzi wa 4 freti ya 2, vyote vinabaki. Kinachohama ni cha pete, kutoka uzi wa 5 freti ya 3 kwenda uzi wa 3 freti ya 2. Na besi ya Am ni uzi wa 5 mtupu, kwa hiyo gumba linaweza kuipiga kidole cha pete kikiwa bado hewani. Kinatakiwa kifike kwenye mguso wa pili tu.

Am kwenda F ndipo wengi wanapokwama. Tumia F nyepesi isiyo na kulaza kidole: cha pete uzi wa 4 freti ya 3, cha kati uzi wa 3 freti ya 2, shahada palepale ilipokuwa, uzi wa 1 mtupu. Kitaalamu hiyo ni Fmaj7, na kwenye mzunguko inapendeza. Cha pete na cha kati vinabadilishana nyuzi, na besi sasa inahitaji kidole. Hapa nyanyua vidole hivyo viwili mapema, kabla ya mguso wa nane, kisha upige huo wa nane na uzi wa 3 ukiwa mtupu. Uzi huo mtupu ni noti ya G, na hakuna kodi kati ya zako nne inayogombana nayo kwa nusu pigo. Umejipatia nafasi ya kuhama, na mkono wa kulia haujasimama.

F kwenda G, cha kati kikimbilie uzi wa 6 freti ya 3 na shahada inyanyuke. Cha pete kina muda mpaka mguso wa tano ndipo kiwe uzi wa 1 freti ya 3. Kwenye G uzi wa 5 haupigwi kabisa, kwa hiyo shahada haina haja ya kuushika. Kurudi C, uzi wa 1 ukishalia kwenye "tatu", cha pete kiko huru: kianze safari ya uzi wa 5 mara moja.

Weka metronomu ya simu kwenye 60, miguso miwili kwa kila mlio. Mzunguko mmoja utachukua sekunde 4. Anza na mkono wa kulia pekee juu ya C, kisha C na Am, ndipo uongeze F na G. Ongeza 4 tu kila mara, na ukisikia pengo kabla ya gumba, rudi nyuma.

Jirekodi pia, kwani sikio halisemi ukweli wakati mikono ina kazi. Kosa la kwanza utakalosikia ni uzi wa 3 kuzidi wenzake, kwa sababu shahada inagusa mara nne kati ya nane. Iguse kwa wepesi. La pili ni uzi wa 1 kufifia, kwani cha pete ni dhaifu; mara nyingi dawa ni kukunja kidole zaidi, si kuongeza nguvu. Kwa kuwa gitaa lako ni la chuma, nyuzi zimekaribiana kuliko za gitaa la nailoni, kwa hiyo ukigusa uzi wa jirani usishangae: sogeza kiganja kidogo kuelekea daraja, ambako nyuzi zimeachana zaidi na zimekaza.

Utakutana na watu watakaokuambia vidole viwili vinatosha. Hawakosei. Omutibo ya Magharibi mwa Kenya, mtindo uliompa George Mukabi sifa, inachezwa kwa gumba na shahada. Lakini pale shahada inaruka nyuzi kadhaa kwa mdundo unaopishana na wa gumba, na hilo ni gumu zaidi kwa anayeanza kuliko kila kidole kukaa kwenye uzi wake. Mzunguko huu ukishatembea wenyewe huku ukiimba, njoo tuuzungumzie huo.