Kabla hujasema mweusi anaruhusiwa kasling, muulize katoka kuchezesha nini

Wale mnaoanza haya mafumbo ya chesi ya kurudi nyuma, yaani unapewa dayagramu halafu unaulizwa hatua ya mwisho ilikuwa ipi au kama kasling bado ni halali, nawapa somo moja tu lililonichelewesha mimi miezi mingi. Mimi nilikuwa naangalia mbele kama mchezaji wa kawaida, naona mfalme yupo e8, ngome ipo a8, katikati peupe, basi nasema anaweza kasling, imeisha hiyo. Kumbe swali halipo mbele, lipo nyuma.

Pangeni hii kwenye ubao wenu, msisome tu kwa macho. Mweusi ana mfalme e8, ngome a8, askari a7 na c7. Mweupe ana mfalme e6, ngome a1, askari f6 na g2. Zamu ni ya mweupe, anatakiwa ampige meti mweusi kwa hatua 2.

Wazo la mweupe linaonekana haraka, ngome iende h1 halafu ishuke h8. Mfalme mweusi hana pa kukimbilia kwa sababu mfalme mweupe kakaa e6 anazilinda d7, e7 na f7. Akijaribu kusogea f8 mapema, ngome inakuja h8 na g7 imezibwa na askari wa f6. Akisogea d8, ngome inakuja h8 vilevile na c7 imekaliwa na askari wake mwenyewe. Sasa ni kinga moja tu iliyobaki, kasling ya upande mrefu, mfalme anaruka c8 na ngome yake inatua d8, ukija h8 inakula ngome yako na fumbo limekufa hapo hapo. Kwa hiyo kila kitu kinategemea kama hiyo kasling ipo au haipo.

Mimi mara ya kwanza nilikaa hapo nikaanza kutafuta hatua nyingine ya kuanzia. Haipo. Ilibidi niache kabisa kutafuta nijiulize kitu cha kijinga: kama sasa ni zamu ya mweupe, basi aliyetoka kucheza ni mweusi, sasa mweusi kacheza nini?

Hesabu kete zake, ni nne tu, na iliyochezwa lazima iwe mojawapo ya hizo nne kwa sababu kete iliyosogea bado ipo ubaoni, mweupe hajacheza tena baada yake. Askari wa a7 yupo kwenye nyumba aliyoanzia mchezo, na askari harudi nyuma, maana yake hajawahi kusogea hata mara moja tangu mchezo uanze. Wa c7 hivyo hivyo. Wamebaki mfalme na ngome. Kama ni mfalme, hawezi kuwa ametoka d7, e7 wala f7 maana angekuwa ameshikana na mfalme mweupe, kwa hiyo katoka d8 au f8. Kama ni ngome, katoka b8, c8 au d8. Ni ipi kati ya hizo? Hatujui, na hapa ndipo wageni wengi wanakwama wakidhani lazima waitaje hatua yenyewe. Huhitaji. Yoyote utakayoichagua ni ya mfalme au ya ngome, na kete mojawapo ya hizo ikishasogea mara moja kasling ya upande huo imekufa, hata kama imerudi nyumbani kwake. Basi ngome h1, hana kinga, meti.

Sasa badilisha kitu kimoja kidogo sana. Mtoe askari wa a7 umweke a6, mengine yote yabaki. Ukiuliza tena mweusi katoka kucheza nini, jibu la haraka ni kwamba inawezekana ni huyo askari, a7 kwenda a6, na kama ni hivyo mfalme na ngome wanaweza kuwa hawajawahi kuguswa. Huwezi tena kuthibitisha kwamba walisogea. Na sheria ya mafumbo inasema kasling inahesabiwa kuwa halali mpaka ithibitishwe kwamba haiwezekani, kwa hiyo mweusi anaruhusiwa na ile ngome h1 haifai tena. Nyumba moja tu ya askari imegeuza jibu zima, mimi hii ilinichekesha nilipoielewa.

Hapo hapo nikaingia mtego mwingine. Siku moja nilikuwa na fumbo la namna hii, nikathibitisha vizuri sana kwamba askari wa a6 hawezi kuwa ametoka a7, nikafunga daftari nikamtumia jamaa mmoja jibu kwa kujiamini kabisa. Akanijibu neno moja, "b7". Nilisahau kwamba askari anakula kwa pembeni, angeweza kutoka b7 akala kitu a6. Tangu siku hiyo kila nikimrudisha askari nyuma namrudisha kwa njia zote, moja kwa moja na kwa pembeni, na nikimrudisha kwa pembeni najiuliza alikula nini, je upande wa pili una kete iliyopotea ya kuliwa? Kama mweupe bado ana kete zake zote 16 basi hakuna kilicholiwa na njia hiyo inafungwa. Kwenye fumbo letu mweupe ana kete 4 tu kwa hiyo vya kuliwa vipo tele.

Anpasan iko kinyume na kasling, msichanganye. Anpasan hairuhusiwi mpaka uthibitishe kwamba hatua ya mwisho ilikuwa askari kuruka nyumba mbili. Ukiona askari mweusi a5 na wako b5 usikimbilie kula, huenda huyo wa a5 alitoka a6, au alikula akitokea b6, na ukishindwa kuzifunga hizo njia zote hauna haki.

Na ile dayagramu, angalieni pia kwa nini kila kete ipo. Bila a7 ngome ingekula a8 na kuwa meti ya hatua moja. Bila c7 mfalme angesogea d8, na ngome ikija h8 angetorokea c7. Kete ambayo huoni kazi yake mara nyingi ndiyo yenye habari ya huko nyuma.

La mwisho ni injini ya chesi. Ukiipa fumbo hili itakuamini wewe tu, yenyewe hairudi nyuma kuangalia nani alicheza nini, inasoma herufi ya ruhusa ya kasling uliyoiandika kwenye mstari wa maandishi unaoieleza dayagramu:

```
r3k3/p1p5/4KP2/8/8/8/6P1/R7 w q - 0 1
r3k3/p1p5/4KP2/8/8/8/6P1/R7 w - - 0 1
```

Mstari wa kwanza una `q`, unamruhusu mweusi kasling ya upande mrefu, na injini itakwambia meti ya 2 haipo. Wa pili hauna, na itakuonyesha ngome h1 papo hapo. Nimeona watu wakibishana usiku kucha kwamba fumbo ni bovu kwa sababu kompyuta imekataa, kumbe ubishi wote uko kwenye hiyo `q` ambayo programu iliijaza yenyewe baada ya kuona mfalme na ngome wako nyumbani.