Wastani Ulikuwa Sahihi, Bodi Zikagoma

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba bodi yake hufanya kazi vizuri usiku kucha, lakini ikifika saa saba mchana data zinaanza kuharibika. Nilipousoma ujumbe ule nilikumbuka bodi 12 nilizorudishiwa na mteja ndani ya boksi lilelile nililompelekea, pamoja na karatasi iliyosema kuwa kazi yangu ilikuwa ya kubahatisha. Neno hilo bado linaniuma, hasa kwa kuwa lilikuwa na ukweli.

Bodi zile zilitumia chipu ya FPGA ya aina ya iCE40 na kristali ya megahezi 12. Nilihitaji saa ya ndani ya megahezi 96, kwa hiyo nilitumia kitanzi cha kufunga awamu, yaani PLL iliyomo ndani ya chipu. Hesabu yake nilifanyiwa na amri moja:

```
icepll -i 12 -o 96
```

Jibu lilikuwa DIVR 0, DIVF 63 na DIVQ 3. Maana yake ni kwamba osileta ya ndani, ambayo kasi yake huongozwa na volteji, hukimbia kwa megahezi 768; kasi hiyo ikigawanywa kwa 64, yaani DIVF ukijumlisha moja, inapatikana 12, ambayo hulinganishwa na kristali, na ikigawanywa kwa 8, yaani mbili kwa kipeo cha DIVQ, inapatikana 96 ninayoitumia. Osileta ikichelewa au ikiwahi, kilinganishi hugundua tofauti ya awamu, na volteji ya kuiongoza hurekebishwa.

Nilichokosa kukitafakari ni kwamba kilinganishi hukagua mara moja tu kwa kila mapigo manane ya saa yangu, na hata kikiona kosa, kichujio cha kitanzi hulisahihisha polepole. Katikati ya ukaguzi mmoja na mwingine osileta imeachwa peke yake, na kelele yoyote kwenye umeme wake huibadilisha kasi. Pigo moja huwahi, lingine huchelewa. Huko kuyumbayumba ndiko tunakokuita jita. Kihesabu masafa hakiwezi kukuonyesha, kwa sababu kinapima wastani, na wastani wangu ulikuwa megahezi 96 kamili.

Baada ya kupanga saketi ndani ya chipu, programu ya nextpnr iliniandikia hivi:

```
Max frequency for clock 'clk96': 98.04 MHz (PASS at 96.00 MHz)
```

Nilifurahi nikafunga kompyuta. Laiti ningekaa dakika tano na kikokotoo! Kipindi cha megahezi 96 ni nanosekunde 10.417, na njia yangu ndefu kuliko zote, kutoka flipuflopu moja hadi nyingine, ilihitaji nanosekunde 10.200. Akiba iliyobaki ilikuwa pikosekunde 217 tu, tena ilihesabiwa kana kwamba kila kipindi kina urefu uleule. Nilipoitoa saa hiyo kwenye pini moja na kuitazama kwa oskiloskopu, vipindi vifupi zaidi vilipungukiwa na pikosekunde 310. Akiba yote ilikuwa imeliwa, na deni la 93 likabaki juu yake. Kwenye baridi transista huwa na kasi zaidi kuliko makadirio ya programu, ndiyo maana mezani kwangu asubuhi kila bodi ilipita. Ndani ya kasha lililochemka juani, ile nafuu ilitoweka.

Sasa nakushauri, ndugu msomaji, uanze na jaribio ambalo halina gharama: punguza kasi ya saa bila kubadilisha kitu kingine. Nilipoweka DIVF 55, saa ilishuka hadi megahezi 84, kipindi kikawa nanosekunde 11.905, na makosa yakakoma hata juani. Kama makosa yangebaki vilevile, ningetafuta kwingine. Data inayobadilika mapema mno baada ya pigo lilelile haiponi kwa kupunguza kasi.

Kisha angalia umeme wa PLL. Mimi nilikuwa nimeunganisha pini ya VCCPLL moja kwa moja na umeme wa volti 1.2 uliotoka kwenye regyuleta ya kuwasha na kuzima, nikiona kichujio ni pambo. Nilipoweka rezista ya omu 100 pamoja na kapasita za mikrofaradi 10 na nanofaradi 100, upungufu ulishuka kutoka 310 hadi 120. Usidanganyike ukapima kwa sekunde chache, kwani jita ya kubahatisha huzidi kutanuka kadiri unavyokusanya mapigo mengi.

Akiba ya 97 iliyobaki bado ilinitisha. Siku hizi natenga pikosekunde 500 kwa ajili ya jita kabla ya kupanga saketi: 10.417 ukitoa 0.5 ni 9.917, kwa hiyo programu naiagiza `--freq 101` ingawa saa yenyewe ni 96. Ile njia ndefu niliikata katikati kwa rejista moja, matokeo yakachelewa pigo moja, na mteja hajaligundua mpaka leo.