Hisa zangu zilishuka 50%, zikapanda 50%: mbona bado nina hasara?

"Wakuu, niliweka milioni 2 kwenye hisa. Zikashuka asilimia 50, kisha zikapanda asilimia 50. Mbona akaunti inasoma milioni 1.5? Au dalali kanipiga?"

Dalali hana kosa hapo, mkuu. Asilimia ya kushuka ilipigwa juu ya milioni 2, ikaondoka milioni 1. Asilimia ya kupanda ikapigwa juu ya milioni 1 iliyobaki, nayo ikakuletea laki 5 tu. Ili urudi milioni 2, hiyo milioni 1 ilitakiwa ijizae yote, yaani ipande asilimia 100. Hata ungeanza na faida matokeo ni yaleyale: milioni 2 inakuwa 3, kisha nusu yake ni 1.5.

Hesabu yake ni hii, hasara ikiandikwa kwa desimali:

```
faida = hasara / (1 - hasara)
```

Ukipoteza asilimia 10 unahitaji kama 11, jambo la kawaida sokoni. Ukipoteza 20 unahitaji 25. Baada ya hapo mlima unakuwa mkali: 80 inadai 400.

Fahirisi ya Nasdaq ya Marekani ilifika 5,048 Machi 2000, ikaanguka hadi 1,114 Oktoba 2002, hasara ya asilimia 78 hivi. Kurudi kulidai kupanda zaidi ya asilimia 350, na kilele kile hakikuvukwa hadi Aprili 2015.

Na ukiongeza fedha mpya, usizihesabu kama faida. Salio litapanda huku hisa zikiwa palepale.