Nikijichunguza kitandani, uume unalala

"Daktari, nikiwa na mke wangu, katikati ya tendo naanza kujiangalia: bado umesimama? Nikiwaza hivyo tu, unalala. Asubuhi naamka ukiwa imara. Nasikia kuna mazoezi ya kutuliza akili. Yanasaidiaje?"

Hiyo ya asubuhi inanipa matumaini kwamba mishipa yako ni mizima. Kinachokukwamisha, kaka, ni kuwa mtazamaji wa tendo lako mwenyewe. Masters na Johnson, watafiti wa Kimarekani wa mambo ya tendo la ndoa, walilieleza jambo hili tangu 1970. Uume husimama pale misuli laini ya ndani yake inapolegea na damu ikaujaza. Hofu humwaga adrenalini, na adrenalini huikaza misuli hiyo hiyo. Tena, akili ikishughulika na ukaguzi, haiusikii mguso, na ashki hukosa kuni.

Kuiambia akili "acha kuwaza" hakufui dafu. Ipe kazi nyingine. Anza peke yako, dakika kumi kila siku, bafuni kwa mfano: sikiliza maji yanavyogonga mabega, joto lake, yanapoteremkia mgongoni. Ukigundua umeshahamia kwenye wasiwasi, jiambie kimoyomoyo "nachungulia", kisha rudi kwenye maji. Utarudi mara ishirini. Kule kurudi ndiko zoezi lenyewe.

Baadaye mshirikishe mkeo. Kubalianeni kwamba kwa wiki mbili hivi hakuna kuingiliana. Papasaneni kwa zamu, robo saa kila mmoja, mwanzoni bila kugusa sehemu za siri. Zikija kuguswa, uume ukisimama sawa, ukilala uache ulale, nyinyi endeleeni.

Nilikuwa na mteja ambaye kila mara uume wake ulilala wakati wa kuvaa kondomu. Mkono ukishika pakiti, jicho lilikuwa tayari chini, linakagua. Tulikubaliana avae bila kuwa na mpango wa kuingia, akifuatilia ubaridi wa mpira na kiganja cha mkewe kifuani pake. Mara ya kwanza ulilala. Waliendelea kupapasana, ukasimama tena. Kuuona ukirudi wenyewe kulimpunguzia hofu kuliko maelezo yangu yote.

Wengi hukosea hapa: zoezi wanaligeuza mtihani. "Mbona nimetulia na bado haujasimama?" Huko ni kuchungulia kulekule, kumevaa kanzu nyingine. Ukijikuta unauliza hivyo, rudi kwenye ngozi: mkono wake uko wapi sasa, una joto kiasi gani?

Lakini ile ya asubuhi ikianza kupotea, au ukashindwa hata ukiwa peke yako, usisubiri mazoezi. Nenda ukapime sukari, presha na moyo, na umtajie daktari kila dawa unayotumia, maana zipo za presha na za sonona zinazodhoofisha usimamaji. Usiache dawa kabla hamjazungumza.