Hashiwokakero: makundi yanayojifungia

“Namba zote zimetimia, lakini visiwa vimebaki makundi mawili. Nakosea wapi?”

Ndugu, Hashiwokakero ni fumbo la kuunganisha visiwa kwa madaraja, na namba ya kila kisiwa ni idadi ya madaraja yake. Sharti la mtandao mmoja, yaani visiwa vyote viwe vimeunganika, litumie mapema, kwa sababu linathibitisha madaraja ambayo namba peke yake haziwezi kuyathibitisha. Chukua kisiwa cha 2 chenye visiwa jirani vitatu, yaani 1, 1 na 4: ukikiunganisha na vile viwili vya 1, vyote vitatu vitatimia na kujifungia mbali na vingine, hivyo angalau daraja moja lazima liende kwenye 4. Vivyo hivyo, usiunganishe 1 na 1, wala usiweke madaraja mawili kati ya 2 na 2, isipokuwa fumbo zima lina visiwa hivyo viwili tu.

Kundi likibakiwa na njia moja ya kutokea, chora daraja hilo mara moja, kisha ondoa uwezekano wa madaraja yote ambayo yangelikatiza.