Redio inalia, tukio limewekewa muziki: sauti ya ndani na ya nje ya hadithi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasahihisha skripti ya filamu fupi ya rafiki yangu, kila penye muziki kaandika "muziki wa nyuma unasikika", hata pale ambapo mama yuko jikoni na redio imewashwa. Darasani tulifundishwa daijetiki na isiyo daijetiki ila nikimwandikia hivo hataelewa. Kwa Kiswahili tunatofautishaje? Mwenzangu mwingine kapendekeza "sauti ya usimulizi", ni sawa?

JIBU: Marahaba. Sema sauti ya ndani ya hadithi na sauti ya nje ya hadithi, au ukitaka muziki peke yake, muziki wa ndani ya hadithi na muziki wa nje ya hadithi. Ni maneno marefu kidogo lakini mtu yeyote akiyasikia mara ya kwanza anaelewa, na kipimo chake kiko wazi: je, wahusika wenyewe wanaweza kuusikia? Mama wa jikoni anaisikia redio yake, akitaka anaongeza sauti au anazima, basi hiyo iko ndani. Vinanda vinavyoanza kulia polepole wakati mama analia peke yake chumbani, hakuna aliyevipiga nyumbani mwake na yeye havisikii, tunavisikia sisi tulioketi kutazama, hiyo iko nje.

"Sauti ya usimulizi" mkatalie, na sio kwa sababu ya ladha tu. Naelewa alikolitoa, maana hilo neno daijetiki lilianzia Ugiriki na Plato alipolitumia alimaanisha kusimulia kweli, yaani msimulizi anaposema mwenyewe badala ya kuigiza sauti za watu. Lakini watu wa filamu hawakulichukua kwa maana hiyo. Mfaransa Étienne Souriau alipolileta kwenye taaluma ya filamu mwaka 1951 alikuwa anazungumzia ule ulimwengu wa hadithi, pale wahusika wanapoishi, kila kitu ambacho kwao ni kweli. Sasa ukiandika sauti ya usimulizi Mswahili ataelewa nini? Ataelewa sauti ya msimulizi, ile inayosema "zamani kulikuwa na kijiji" huku picha ya kijiji ikipita, na hiyo kwa kawaida wahusika hawaisikii kabisa! Umeshamgeuzia maana, ulitaka kusema ndani ukasema nje.

Hili la "muziki wa nyuma" nalo, watu wanalitumia na sitawakataza, lakini kwenye skripti linaleta shida kwa sababu linaongelea ukubwa wa sauti kuliko linavyoongelea chanzo. Redio inayolia kwa chini jikoni iko nyuma ya mazungumzo, na vinanda vya huzuni navyo viko nyuma ya mazungumzo, vyote viwili "nyuma", basi edita akisoma atajuaje? Na saundtraki ndo kabisa, mtu akisema saundtraki ya filamu anaweza kumaanisha wimbo uliopigwa kwenye harusi ndani ya filamu na anaweza kumaanisha ule muziki uliotungwa kwa ajili ya filamu yote.

Kinachonifurahisha ni kwamba kwenye vitenzi tofauti hii tunayo tayari, tunaitumia kila siku bila kuiwazia. Tunasema redio inalia, ngoma inalia, kengele inalia, na mtu akisema hivo tayari unaona kitu kipo mahali kinatoa sauti. Hakuna anayesema "vinanda vinalia" akimaanisha muziki wa huzuni wa filamu mpaka amekuonyesha vilipo (hata mimi hapo juu nimesema vinaanza kulia, na ukaona nimelazimika kukuambia havimo nyumbani). Ila ukisema "tukio limewekewa muziki" au "hapa muziki unaingia", mtu anaelewa muziki umetoka kwa aliyeitengeneza filamu. Kwa hiyo kwenye skripti huhitaji hata istilahi, kitenzi kinatosha.

Adui mkubwa wa skripti ya rafiki yako sio hata neno nyuma, ni hilo "unasikika". Kusikika hakusemi nani anasikia. Wimbo unasikika, sawa, kwa nani? Kwa mama, kwa jirani, kwa sisi watazamaji? Kwenye habari ya kawaida haijalishi, mlio wa risasi ulisikika mtaani tumeelewa, lakini kwenye filamu hilo ndo swali lenyewe. Mpe msikilizaji au mpe chanzo: "mama anausikia wimbo", "wimbo unatoka redioni", "sauti ya adhana inamfikia pale alipo".

Tuchukue filamu inayojulikana uone vitenzi vinavyofanya kazi. Kwenye Casablanca, ya mwaka 1942, yuko Sam mpiga piano kwenye klabu ya Rick. Ilsa anaingia, anamwomba Sam ampigie wimbo wao wa zamani, Sam anajaribu kukwepa, mwishowe anapiga na kuimba. Hapo piano inalia, Ilsa anasikia, Rick naye anasikia kutoka upande wa pili na anakuja mbio amekasirika kwa sababu alishamkataza Sam asiupige wimbo huo. Anamkuta Ilsa. Sam ameshanyamaza, na ghafla okestra inagonga sauti moja nzito, macho ya Rick na Ilsa yamekutana. Ile okestra iko wapi kwenye klabu? Haipo. Hakuna mteja anayegeuka kuangalia imetokea wapi. Kwa hiyo ndani ya dakika hiyo moja tumetoka ndani ya hadithi tukaenda nje, na ungeandika kwa Kiswahili ungesema: Sam anapiga na kuimba, Rick anausikia wimbo anakuja, anamwona Ilsa, hapo muziki unaingia.

Halafu usiku, klabu imefungwa, Rick anakunywa peke yake na anamlazimisha Sam ampigie ule ule wimbo. Sam anaanza, piano inalia pale pale chumbani, kamera inabaki kwa Rick, taratibu okestra inajipenyeza juu ya piano na tunajikuta Paris, kwenye kumbukumbu zake. Wimbo ni ule ule, umeanzia mikononi mwa Sam ukaishia kwetu watazamaji. Sasa watu wakifika hapa wanaanza kubishana huu ni wa ndani au wa nje, na mimi naona ubishi wenyewe ni wa bure, andika kilichotokea: wimbo unaanza kwenye piano ya Sam, unapokelewa na okestra. Kupokelewa ndo kitenzi chake, kama waimbaji wanavyopokezana.

Kuna jambo jingine la filamu hiyo litakusaidia. Dooley Wilson aliyeigiza Sam alikuwa mwimbaji na mpiga ngoma, piano hakuwa anajua, mikono yake inaigiza tu na piano tunayoisikia ilipigwa na mtu mwingine. Je, muziki umekuwa wa nje kwa sababu hiyo? Hapana. Ndani na nje haviangalii sauti ilirekodiwa wapi wala na nani, vinaangalia kwenye hadithi inatoka wapi. Wanafunzi wanateleza sana hapa, wanasema redio ya jikoni ni muziki wa nje kwa sababu edita kauweka baadaye. Mbona hiyo ndo kawaida! Siku ya kurekodi redio inazimwa, waigizaji wanasema maneno yao kwenye ukimya, wimbo unawekwa wakati wa kuedit. Ukiacha redio ikilia kweli wakati mnarekodi, kila picha inapokatwa wimbo utaruka, mara uko ubeti wa kwanza mara kiitikio, na hutaweza kuunganisha. Kwa hiyo niliposema "limewekewa muziki" nilimaanisha kwa macho ya mtazamaji, sio kwa macho ya fundi, kwa fundi karibu kila kitu kimewekwa.

Kosa la pili, na hili nalo linatokana na lugha, ni kuchanganya nje ya hadithi na nje ya picha. Mbwa anabweka uani, hatumwoni, kamera iko sebuleni. Huyo yuko nje ya picha lakini yuko ndani ya hadithi kabisa, baba akitaka atatoka amfukuze. Neno letu "nje" linabeba yote mawili, kwa hiyo usiliache peke yake, sema nje ya nini. Ukiandika tu "sauti ya nje: mbwa" mmoja ataelewa uani na mwingine ataelewa sijui nini.

Na mawazo ya mhusika, pale mdomo haufunguki ila tunamsikia anajisemea moyoni? Yanasikika kwake yeye na kwetu, wenzake aliokaa nao hawasikii. Usiite "sauti ya ndani" hapo, maana utagongana na istilahi tuliyoanza nayo. Andika "Rehema anawaza" kisha maneno yake, inatosha.

Sasa turudi kwa skripti ya rafiki yako. Aliandika hivi kwa mfano: "Mama yuko jikoni. Muziki wa nyuma unasikika. Simu inaita. Mama anapokea, anashtuka. Muziki wa nyuma unasikika." Mimi ningemwandikia: "Mama anakaanga maandazi, redio ndogo ya dirishani inalia taarabu, anaifuatisha kwa midomo. Simu inaita. Anapunguza redio, anapokea. Anashtuka, mafuta yanaendelea kuchemka, taarabu bado inalia kwa chini. Anazima redio. Kimya. Muziki unaingia." Hakuna istilahi hata moja hapo lakini edita anajua kila kitu, anajua hata kwamba taarabu lazima ikatike mkono unapogusa redio, isichelewe wala isiwahi, kwa sababu sauti ya ndani ya hadithi inatii mikono ya wahusika. Ikiendelea hata nusu sekunde baada ya swichi, mtazamaji atahisi kitu hakiko sawa.

Mwambie pia edita wake asiweke taarabu hiyo ikiwa imejaa kama ilivyotoka studio. Spika ya redio ndogo haina besi, aikate, apunguze na zile sauti kali za juu, aongeze mwangwi kidogo wa jikoni, na mama akitoka kwenda uani sauti ifubae kwa sababu kuna ukuta katikati. Wimbo ukija mpana na mzito wakati kwenye picha kuna redio ya ukubwa wa kiganja, watazamaji watauchukulia ni muziki wa filamu, na mama akiizima watashangaa kwanini umekatika. Ila kama mnataka taarabu hiyo hiyo iendelee mpaka sini ya msibani bila redio kuwepo, basi iachieni ijae taratibu kabla hamjakata picha, na kwenye skripti aandike: "taarabu inatoka redioni, inakua, inatufuata msibani." Hapo hata yule aliyependekeza usimulizi hatauliza tena iko ndani au nje.