Kipaza sauti cha buluu

"Nilimtumia shemeji voisi ya hasira WhatsApp, nikaifuta. Tiki zilikuwa kijivu, kwa hiyo hajaisikiliza?"

Tiki zisikutulize, ndugu. Huenda amezima zile za buluu, lakini alama ya voisi kusikilizwa haizimiki: kipaza sauti kidogo kando yake hugeuka buluu. Ungekitazama kabla ya kufuta, maana sasa kimetoweka, na hata kwake yamebaki maneno kwamba ujumbe umefutwa. Kama kilikuwa kijivu, kuna matumaini.

— Mimi kwa papara nilibonyeza Delete for me. Kwangu ikapotea, kwake ikabaki!

— Hapo wahi Undo, inakaa sekunde chache tu. Kisha chagua Delete for everyone.